Swali la Sakafu ya Ghala

Mtu wa Mpimbwe haendi kumtembelea mwanawe mikono mitupu, na Makarius hakuwa mtu wa kuanza desturi mpya uzeeni. Jumamosi ile alifika Ilembo, nyumbani kwa Specioza, akiwa nyuma ya bodaboda, ameukumbatia mfuko wa mchele mpya, na kwapani amebana bahasha ya kaki yenye nyaraka za zabuni. Mchele ulikuwa wa salamu. Bahasha ilikuwa ya shida iliyomtoa nyumbani. Yeye aliona ni vitu viwili visivyohusiana, na mimi ningekuwa yeye ningeona hivyo hivyo, ila ofisini kwa Specioza walikuwa na kijitabu cha taratibu kilichoona vingine.

Specioza alikuwa afisa ununuzi wa shirika moja la kusaidia wakulima pale Mpanda mjini, na kwa nafasi hiyo ndiye katibu wa kamati ya zabuni. Shirika lilitaka kujenga ghala la mpunga huko Mpimbwe, bondeni kabisa, mahali ambapo masika hugeuza njia kuwa mto. Tangazo lilitolewa, na kampuni kadhaa zikaja kuchukua nyaraka. Mojawapo ilikuwa ya Makarius, fundi mwashi aliyejisajili ukandarasi wa daraja la mwisho baada ya miaka mingi ya kujengea watu wengine majina.

Makarius alikuwa baba mdogo wa Specioza. Kusema baba mdogo ni kusema kwa hesabu za ukoo tu, kwa sababu baba mzazi alikufa Specioza hajaota meno, na aliyemlea, akamsomesha kwa kubeba tofali, ni huyu. Siku jina la kampuni yake lilipoingia kwenye rejesta ya waliochukua nyaraka, Specioza alitakiwa amwambie mwenyekiti kwamba mmoja wa wazabuni ni ndugu yake. Hakumwambia. Msidhani alitaka kumpendelea. Aliona haya. Ofisini walimjua kama binti wa mjini aliyesoma Morogoro, mwenye viatu vya mlio, na mzee yule alikuja kuchukua nyaraka amevaa buti za mpira zenye saruji.

Jumamosi hiyo Specioza hakuwa peke yake. Jeniffer, mhasibu wa shirika na mjumbe wa kamati ile ile, alikuwa amekaa kwenye mkeka anasukwa, nusu ya kichwa imekamilika na nusu imesimama. Msusi alikuwa ametoka kufuata rasta dukani.

"Hodi humu," alisema Makarius, na mfuko wa mchele ukatangulia kuingia.

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa? Watoto wazima? Mama yako Romana anakusalimu, anasema simu hupigi."

Jeniffer alimwamkia naye, kisha akamgeukia Specioza kwa macho ya kuuliza. Hapo ndipo Specioza alipofanya jambo ambalo lingemkosesha usingizi.

"Huyu ni mzee mmoja wa huko nyumbani," alisema.

Makarius alisikia. Alikuwa anautua mfuko, akainuka polepole, akaufuta mkono wake kwenye suruali kama mtu aliyeambiwa una uchafu. Alikaa kwenye kigoda alichooneshwa, akaitoa ramani kwenye bahasha, akaikunjua juu ya magoti.

"Sina maneno mengi," alisema. "Kuna kitu sikielewi. Hii ramani inaonesha sakafu ya ghala iko juu ya ardhi kwa kozi nne, yaani mistari minne ya tofali. Ni sawa, kule maji yanakuja. Lakini hili jedwali mlilotupa la kujaza bei, hizo kozi nne hazimo. Kifusi cha kujaza chini ya sakafu nacho hakimo. Sasa nifuate ramani au nifuate jedwali? Nikifuata jedwali, nikishinda nitajenga hizo kozi kwa hela ya nani? Nikiziweka bei yangu, mwenzangu ambaye hakuziona atakuwa chini yangu, kazi atapata yeye."

Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali ambalo nyaraka zenyewe zilimkaribisha aulize, kwa maandishi, kabla ya Jumatano saa sita mchana. Zilisema pia kwamba katibu atalijibu kwa maandishi, na nakala ya swali na jibu wataipata wote waliochukua nyaraka, bila jina la aliyeuliza. Na zilisema, kwa herufi nzito, kwamba mzabuni asimfuate mjumbe wa kamati pembeni kuzungumzia zabuni. Makarius alikuwa amefika kwenye ramani haraka na kuupita ule ukurasa wa maelekezo, kama mafundi wengi wafanyavyo.

Jeniffer alikuwa ameinamisha kichwa chake chenye nusu ya nywele, akitazama mkeka. Specioza alimtupia jicho, kisha akayaepusha macho yake na ramani.

"Mzee, hayo hayazungumzwi nyumbani," alisema. "Andika barua kwa Katibu wa Kamati ya Zabuni."

"Katibu si wewe?"

"Andika barua."

"Nikuandikie wewe barua?"

"Ndiyo utaratibu. Na huo mchele, naomba uondoke nao."

Makarius aliikunja ramani vibaya, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha aliubeba mfuko wake, akaaga wote wawili kwa adabu, akatoka kutafuta bodaboda ya kumrudisha stendi. Specioza hakumsindikiza hata mlangoni.

"Umefanya vizuri," Jeniffer alimwambia baadaye. "Wengine wangepokea."

Specioza alikubali kwa kichwa. Kwa utaratibu alikuwa amefanya vizuri kweli, hakuna wa kumlaumu. Lakini aliona aibu mpaka chai ikamshinda, na aibu yenyewe ilikuwa na pande mbili: alimwonea haya mzee, na alijionea haya mwenyewe kwa kumwonea haya mzee.

Jumatatu alifika ofisini mapema, akafungua nyaraka. Alitumaini Makarius amekosea. Ramani ilikuwa na kozi nne. Jedwali halikuwa nazo. Akatafuta barua pepe ya mhandisi mshauri, akaikuta, na ndani yake akakuta jedwali lingine lililokuwa na kila kitu: ukuta wa msingi ulioinuliwa, kifusi cha moramu, kushindilia kwa tabaka. Mhandisi alikuwa ameleta jedwali sahihi. Specioza ndiye aliyeambatisha la ghala lililojengwa mwaka uliopita upande wa Katumba, kwenye ardhi iliyoinuka, kavu. Mafaili yalikuwa na majina yanayofanana, siku ile alikuwa na haraka, na mwenyekiti alisaini kwa kumwamini.

Kwa hiyo kosa lilikuwa lake, na aliyeligundua alikuwa mzee mmoja wa huko nyumbani.

Angeweza kwenda kwa mwenyekiti saa ile ile. Mwenyekiti alikuwa Zakayo Mwandu, mtu mpole wa maneno machache, mlango wake haufungwi. Lakini Specioza alijiambia asubiri barua. Baba mdogo ataandika, swali litakuja kama swali la mzabuni yeyote, yeye atamuuliza mhandisi, jibu litatoka kwa wote, na hakuna atakayeuliza jedwali lile lilitoka wapi. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga. Binadamu akiwa na aibu huwa hodari sana wa kupiga hesabu.

Jumanne aliyempigia simu alikuwa Mama Romana, mke wa Makarius.

"Specioza, nyie mmegombana huko?"

"Hapana, mama. Kwani vipi?"

"Baba yako tangu arudi hasemi. Mchele ameurudisha, ameuweka tu pale barazani. Namuuliza, ananiambia Specioza kasema nimwandikie barua." Sauti ya mama ilishuka. "Mwanangu, hapa kwetu barua unaipata mtu akikushtaki baraza la kata. Sisi tumekukosea nini mpaka tuandikiane barua?"

Specioza alifungua mdomo amweleze. Ingetosha kusema: mama, mwambie aandike tu, si ugomvi, kila mzabuni anaandika. Yalikuwa maelekezo yaliyochapishwa kwenye nyaraka, si siri wala upendeleo. Hata mgeni angeambiwa hivyo. Lakini Jeniffer alikuwa meza ya pili. Na, tuseme ukweli wote, sauti moja ndani ya Specioza ilikuwa imeanza kumwambia kwamba barua isipokuja, kosa halitajulikana.

"Niko kazini, mama," alisema. "Nitapiga jioni."

Hakupiga.

Jumatano ilileta swali moja tu. Kampuni ya Claude, mkandarasi kutoka Katumba, iliuliza kama dhamana ya zabuni lazima itoke benki au tamko lililosainiwa litatosha. Specioza aliliandika swali bila jina la muulizaji, akaweka jibu chini yake, mwenyekiti akapitisha, nakala zikatumwa kwa wote na kila mmoja akathibitisha kupokea. Makarius alithibitisha kwa neno moja: Nimepata. Kazi ilikwenda safi kama inavyotakiwa. Saa sita mchana ikapita.

Barua ya Makarius haikuja. Specioza alipumua, na pumzi ile ilikuwa ya nafuu, na alipojua kuwa ni nafuu alitamani kujificha chini ya meza.

Kwa maana alijua vizuri kinachofuata. Wasioona kosa wataweka bei ya jedwali. Baba mdogo ameona, naye hawezi kuinua sakafu kwa hewa. Akiweka kozi zake nne atashindwa kwa sababu ya bei. Akiziacha atashinda kazi ya kumfilisi, kwa sababu mshindi hulipwa kwa kilichomo kwenye jedwali, na kwa kumjua, angejenga sakafu juu hata kwa kuuza ng'ombe, maana mpunga wa kuwekwa mle ni wa majirani zake. Mtu aliyemlea alikuwa amebanwa pande zote mbili, na aliyembana ni yeye. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na Specioza aliusikia msemo ule kwa sauti ya Makarius mwenyewe.

Alhamisi asubuhi aliingia kwa mwenyekiti kabla hajakaa na kufikiri tena.

"Mwenyekiti, naomba kamati ikutane leo. Nina mambo matatu, na yote yananihusu."

Walikutana baada ya chai, wajumbe wote. Specioza alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Alisema kwamba jedwali lililotolewa si la ghala hili, ni yeye aliyeliambatisha, na jedwali sahihi la mhandisi lilikuwepo siku zote kwenye barua pepe. Alisema kwamba mzabuni mmoja alimfuata nyumbani Jumamosi na kumuuliza jambo hilo, hakumjibu, na mchele aliokuja nao aliurudisha. Jeniffer alikubali kuwa ndivyo ilivyokuwa.

"La tatu?" mwenyekiti aliuliza.

"La tatu, huyo mzabuni ni baba yangu."

Jeniffer aliinua macho. "Si ulisema ni mzee wa huko nyumbani?"

"Nilisema hivyo," Specioza alijibu. "Ni baba yangu mdogo, ndiye aliyenilea. Nilijua siku aliyochukua nyaraka. Sikusema kwa sababu nilimwonea haya."

Hakuna aliyecheka, ingawa alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Mwandu alizungushazungusha kalamu yake, kisha akasema mambo yaliyotakiwa kusemwa. Muda wa wazabuni kuuliza umekwisha, lakini muda wa kamati kurekebisha haujaisha. Kamati inaweza kurekebisha nyaraka zake yenyewe wakati wowote kabla ya zabuni kupokelewa, bila kusubiri kuulizwa. Jedwali sahihi litatolewa kama marekebisho, litakwenda kwa wote siku moja, na kwa kuwa linagusa bei, siku ya mwisho ya kuwasilisha itasogezwa mbele wiki moja ili kila mtu apate nafasi ya kukokotoa upya. Specioza atatoka kwenye kamati kwa zabuni hii, Jeniffer atashika ukatibu. Mkurugenzi ataandikiwa kuhusu uzembe wa jedwali na kuchelewa kutaja undugu.

"Na mzabuni?" aliuliza mjumbe mmoja.

Walilijadili hilo Specioza akiwa nje, kwenye benchi la korido, miguu ameibana pamoja. Alipoitwa aliambiwa kwamba Makarius hakupata jibu lolote ambalo wenzake hawatalipata, na mchele hakuna aliyeupokea, kwa hiyo anabaki kwenye zabuni kama wengine. Atapewa onyo kwa maandishi. Specioza asizungumze naye habari ya zabuni mpaka mkataba usainiwe.

Alirudi mezani kwake mwepesi. Yalimpata ya kumpata, barua yake ya onyo kutoka kwa mkurugenzi ilikuwa njiani, lakini baba mdogo alikuwa na nafasi yake, jedwali lilikuwa na kozi nne, na hapo mzani ulikuwa sawa kwa wote. Jioni aliwapigia nyumbani. Makarius ndiye aliyepokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimepiga kuomba radhi. Siku ile nilikuita mzee wa huko nyumbani. Leo nimewaambia kazini kwamba wewe ni baba yangu. Nimewaambia wote."

"Umewaambia?"

"Ndiyo."

"Haya," Makarius alisema taratibu. "Haya, mwanangu. Umefanya vizuri. Mungu akubariki." Kisha akauliza habari za watoto, akamwambia mpunga umekubali mwaka huu, wakaagana. Specioza alilala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Siku ya kufungua zabuni ilifika. Kwa kuwa hakuwa tena mjumbe, Specioza hakuwa na kazi ukumbini, lakini zabuni hufunguliwa hadharani na mlango ulikuwa wazi, naye akasimama nyuma karibu na dirisha. Wazabuni walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Makarius alikuwa kiti cha mwisho, amevaa shati la kanisani na viatu vyeusi vilivyopakwa rangi, buti za mpira hazikuwepo. Specioza alimtazama kisogo akahisi fahari, safi kabisa, isiyo na haya yoyote ndani yake.

Saa ilipotimia sanduku la zabuni lilifungwa lisipokee tena, kisha likafunguliwa. Mwandu alizitoa bahasha moja moja, akaonesha lakiri kuwa haijaguswa, akasoma jina la kampuni, akathibitisha kwamba imekiri kupokea marekebisho, akasoma bei. Jeniffer aliandika. Kampuni ya Claude. Kampuni moja ya mtaani Shanwe. Kampuni moja ya Sumbawanga. Kisha Mwandu aliliinamisha sanduku, akalionesha kwa watu kwamba ni tupu.

Specioza alidhani kuna kosa. Aliwaza bahasha imepotea, au imechelewa dakika chache, kama zinavyochelewa za watu wengi, akaanza kusogea mbele, kisha akakumbuka kwamba yeye si chochote katika ukumbi ule.

Alimkuta nje, kwenye kivuli cha ukuta, anawaaga wenzake kwa kuwashika mikono.

"Baba, jedwali jipya hukulipata?"

"Tusiongee hayo. Barua ya onyo inasema tusiongee."

"Zabuni kwako imeshakwisha, baba. Hukuwasilisha."

Makarius alilifikiria hilo, akaona lina ukweli. Alitazama kulia na kushoto, kisha akamsogelea.

"Nililipata. Limekaa vizuri, kozi nne zote zimo, hata kifusi. Nilijaza bei mpaka ukurasa wa mwisho. Mama yako ni shahidi, bahasha tuliifunga tukaipaka gundi."

"Sasa kwa nini?"

"Ulipokuwa unaniita mzee wa huko nyumbani, ningeweza kuomba kazi hapa. Iliniuma, sikufichi, lakini ningeomba tu, na ningeshinda hakuna ambaye angesema neno. Ukawaambia mimi ni baba yako." Alikohoa kidogo. "Basi nikafikiri, nikishinda, watu watasema nini juu ya mtoto wangu? Nimesikia barua moja ya onyo unayo tayari. Ya pili ingetoka kwangu."

"Kamati ilisema unaruhusiwa. Kila kitu kiliandikwa."

"Kamati ni watano. Watu ni wengi."

Specioza alitaka kumwambia kwamba hakuwaambia ili iwe hivi. Alitaka kumwambia kwamba angesema siku ile ya kwanza, siku ya rejesta, angetolewa kwenye kamati kimya kimya kabla ya swali, kabla ya Jumamosi, na leo hii jina lake lingesomwa mle ndani kama la wengine. Yote yalikuwa kweli na hayakuwa na kazi tena. Machozi yalimtoka pale pale, watu wakipita, na hakuinua mkono kuyafuta.

Jeniffer alitoka na karatasi zake za kumbukumbu, akawaona, akapunguza mwendo. Makarius ndiye aliyemwahi.

"Mama, hujambo? Siku ile hatukujuana vizuri," alisema. "Mimi ni baba yake huyu."